Kuzima Ruhusa ya LinkedIn Hakufuti Mafunzo Yaliyokwishafanyika

Watumiaji wa LinkedIn wasiotaka machapisho na picha zao zitumike kufundishia mifumo ya akili mnemba wanaweza kufungua “Settings & Privacy”, kisha “Data privacy”, na kuzima “Data for Generative AI Improvement”.

Mpangilio huo, ulioanza kuonekana Septemba 2024, huwa umewashwa hadi mwenye akaunti auzime. Hata hivyo, kuuzima huzuia mafunzo yajayo pekee, hakubatilishi yaliyokwishafanyika.

Kufuta picha nako huiondoa kwenye akaunti, lakini mfumo uliokwishajifunza kutokana nayo haubadiliki, kwa kuwa picha hiyo ilitumika kurekebisha namba za ndani ya mfumo. Nakala zilizosambazwa na wengine pia hubaki.

Hivyo, mwenye akaunti anashauriwa kuzima mpangilio huo kabla ya kuchapisha picha, badala ya kutegemea kuifuta baadaye.