Glasi ya shilingi 650 inayofika dukani kwa 1,340

Mzigo wa vyombo unaposhushwa Kariakoo, mwenye duka mzoefu haangalii kwanza idadi ya katoni. Huinua katoni moja, huitikisa kidogo na kutega sikio. Katoni ya glasi iliyo salama haitoi sauti. Ikilia kama kopo la misumari, kuna hesabu imeshabadilika, na bei aliyoipanga wiki iliyopita haifai tena.

Wapo wengi wanaopanga bei kabla ya kusikia sauti hiyo. Mtu amenunua glasi Yiwu kwa bei inayolingana na shilingi 650 kila moja. Amesikia kwa wenzake kwamba mzigo wa China “unazidishwa mara moja nukta nane” ukifika Dar es Salaam. Anapata 1,170. Jirani anauza 1,300 kwa jumla, naye anauza 1,300, akijua ana faida ya shilingi 130. Glasi zinatoka kama maji. Miezi mitatu baadaye anataka kuagiza tena na fedha haitoshi kontena la ukubwa ule ule. Wakati mwingine lawama hushushwa kwa mke, shemeji au kijana wa dukani, ilhali kosa lilikuwa kwenye ile moja nukta nane.

Ili kuona kosa lilipo, chukua kontena moja la futi 20 linalopakiwa Ningbo. Ni mzigo wa mfano, na namba zake zimelainishwa ili zifuatike. Ndani mna aina mbili za bidhaa. Kuna katoni 800 za glasi, kila moja ikiwa na glasi 48, kwa dola 12 katoni. Kuna pia dazeni 4,000 za vijiko vya chuma kisichopata kutu, kwa dola 1.60 dazeni. Glasi zimegharimu dola 9,600 na vijiko dola 6,400, jumla dola 16,000 mzigo ukiwa umeshapandishwa melini. Hiyo ndiyo bei ambayo kwenye ankara huandikwa FOB.

Sasa inakuja nauli ya meli. Tuseme ni dola 2,160. Mwenye haraka atagawa nauli hiyo kwa kufuata fedha: glasi ni asilimia 60 ya thamani, basi zibebe asilimia 60 ya nauli. Hapo ndipo hesabu inapopinda. Meli haikuuliza kijiko kina thamani gani, iliuza nafasi. Ukisoma orodha ya vifurushi aliyoitoa muuzaji, utaona glasi zimechukua mita za ujazo 24 kati ya 27 zilizotumika. Vijiko, pamoja na thamani yao yote, vimekaa kwenye mita 3 tu. Nauli ikigawanywa kwa nafasi inakuwa dola 80 kwa kila mita ya ujazo, yaani kile ambacho wafanyabiashara wamezoea kukiita CBM. Glasi zinabeba dola 1,920 na vijiko dola 240.

Bima ni tofauti, kwa sababu yenyewe hukatwa kwa thamani. Kwa asilimia moja, glasi zinalipiwa dola 96 na vijiko dola 64. Ukijumlisha bei ya mzigo, bima na nauli unapata thamani ambayo forodha huitumia, CIF: dola 11,616 kwa glasi na dola 6,704 kwa vijiko.

Mwagizaji mgeni hushtuka akigundua kwamba ushuru unatozwa pia juu ya nauli. Ndivyo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavyotaka, thamani ihesabiwe mpaka bandari ya kuingilia. Nauli ikipanda, kodi nayo inapanda ingawa glasi ni zile zile. Walioagiza mwaka 2021, wakati makontena yalipoadimika duniani na nauli kutoka China ikapaa, walilipa ongezeko hilo mara mbili: kwanza kwa mwenye meli, kisha kwa forodha.

Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25, na baadhi zimehamishiwa kwenye kundi la asilimia 35 lililoanza Julai 2022. Ni wakala wa forodha anayethibitisha kundi la bidhaa, na swali hilo aulizwe kabla ya kulipa kiwanda. Hapa tutumie 25. Juu yake zipo tozo ndogo, kama ya maendeleo ya reli, ambazo hubadilika badilika kwenye bajeti ya kila Juni. Tuziweke zote kwa asilimia 2 ya CIF. Mwisho kabisa huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo haitozwi kwenye bei ya glasi peke yake. Inatozwa kwenye jumla ya CIF, ushuru na tozo, kodi juu ya kodi. Kwa glasi zetu, ushuru ni dola 2,904, tozo ni dola 232, na VAT ni dola 2,655.

Mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa kwa VAT, na Tanzania Bara usajili ni lazima mauzo ya mwaka yanapofika shilingi milioni 200, hairudishiwi hiyo dola 2,655. Kwake ni gharama kama nauli. Aliyesajiliwa huikata kwenye VAT anayokusanya kwa wateja, kwa hiyo haiingii kwenye gharama ya glasi, ingawa inafunga fedha yake mpaka mzigo uuzwe. Watu hawa wawili wakikaa maduka yanayopakana, kila mmoja akiiga bei ya mwenzake, hakika mmoja anajidanganya. Mwagizaji wetu hajasajiliwa.

Zinabaki gharama za hapa nyumbani: za bandari, za wakala wa meli kabla hajatoa hati ya kuchukulia mzigo, ujira wa wakala wa forodha, lori la kwenda Kariakoo, na makuli wa kushusha. Tuseme zote ni dola 1,350. Nazo zinafuata nafasi, maana kuli na lori hubeba ukubwa na uzito, wala hawabebi thamani. Glasi zinachukua dola 1,200.

Jumla ya glasi inafika dola 18,608. Ukigawa kwa katoni 800 unapata dola 23.26, karibu mara mbili ya bei ya kiwandani. Vijiko, kwa njia hiyo hiyo, vinafika dola 2.55 kwa dazeni, mara 1.6 tu. Ile moja nukta nane haikuzushwa, kwani ndiyo wastani wa kontena zima. Lakini ndani ya kontena hili hakuna hata bidhaa moja inayofanana na wastani huo.

Na bado glasi hazijavunjika.

Glasi huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Nafasi iliyoachwa wazi karibu na mlango huruhusu katoni kucheza safari nzima. Katoni za chini hulowa jasho la kontena, maji yanayotona kutoka kwenye paa wakati hewa ya joto iliyofungiwa ndani inapokutana na bati lililopoa usiku, nazo zikishalainika huporomoka chini ya uzito wa zilizo juu. Kisha huja ukaguzi wa forodha, ambapo katoni hufunguliwa na kurudishwa na mtu asiye na sababu ya kuzionea huruma. Tuseme zimepotea asilimia 6. Kilichopotea si dola 12 za kiwandani kwa katoni. Ni dola 23.26, kwa sababu glasi iliyovunjika nayo ililipiwa nauli, ushuru na kuli. Gharama yote sasa inagawanywa kwa katoni 752 zinazouzika, na katoni inakuwa dola 24.74.

Kwa shilingi 2,600 kwa dola, glasi moja imefika rafuni kwa shilingi 1,340. Aliyeuza 1,300 alikuwa anamwongezea mteja shilingi 40 kila alipomfungia glasi. Kwa upande mwingine, kanuni ile ile ilimwambia dazeni ya vijiko imemgharimu takriban shilingi 7,490, akakataa wateja waliotaka kwa 7,300. Gharama halisi ilikuwa takriban 6,630. Aliwafukuza waliomletea faida na kuwakumbatia waliomletea hasara.

Kinachofanya asilimia ya uvunjikaji iaminike ni daftari. Katoni zifunguliwe siku ya kushusha, glasi nzima zihesabiwe, idadi iandikwe pamoja na mahali katoni ilipokuwa, mlangoni, sakafuni au katikati. Mizigo mitatu ikishaandikwa hivyo, 6 inaweza kugeuka kuwa 4 au 9, lakini itakuwa namba ya duka lile na kiwanda kile. Dalili za maji au mshtuko ziandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutia sahihi, na picha zipigwe. Bima nayo isomwe kabla ya kulipiwa: zile za bei nafuu hulinda ajali kubwa kama meli kuzama au kuungua, huku kuvunjika kwa kawaida kwa vyombo vya kioo kukiachwa nje.

Ipo gharama nyingine ambayo haionekani kwenye makadirio ya mwanzo kabisa. Kontena likipitisha siku za bure, bandari inadai hifadhi na mwenye kontena anadai dimareji, kila mmoja kwa siku zake. Ikiwa madai hayo ni dola 60 kwa siku kwa pamoja na mzigo umechelewa siku 10, kila glasi nzima inaongezewa shilingi 38. Chanzo mara nyingi ni karatasi: cheti cha ubora kilichopaswa kutolewa China kabla ya kupakia, au ankara yenye bei ndogo ambayo ofisa wa forodha ameikataa na kuanza kutafuta thamani kwa njia nyingine. Wakati ubishi unaendelea, siku zinahesabiwa.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kulipia bei moja kwa CBM kwenye kontena la kuchangia, mpaka Kariakoo. Hesabu inakuwa nyepesi, ila waombe nakala za nyaraka za forodha. Mzigo usio na karatasi unaweza kugharimu zaidi siku ambayo mkaguzi wa TRA ataingia dukani.

Mwagizaji aliyekwisha kugawa gharama kwa namna hii huanza kuzungumza na kiwanda kwa lugha nyingine. Badala ya kubembeleza punguzo kwenye dola 12, anauliza vipimo vya katoni. Glasi zenye mdomo mpana zinazoingiana zinaweza kupakiwa 48 kwenye katoni ndogo kwa asilimia 20. Kwa viwango vya mfano wetu, na nafasi iliyookolewa ikijazwa bidhaa nyingine, glasi inashuka kwa karibu shilingi 59, kwa sababu nauli inapungua na kodi iliyokaa juu ya nauli inapungua nayo. Kupata nafuu hiyo hiyo kwenye bei, kiwanda kingelazimika kupunguza senti 67 kwa katoni, na si rahisi kiwanda kukubali. Katoni ndogo huwa hakina sababu ya kuikataa.