Magimbi kwa Kiingereza ni nini?

Asubuhi jijini Nairobi, kipande cha nduma iliyochemshwa huliwa kwa chai, na ukimuuliza mwenye hoteli chakula hicho kinaitwaje kwa Kiingereza atakujibu bila kusita: arrowroot. Wauzaji wa sokoni nao watakwambia hivyohivyo. Dar es Salaam kiazi hicho ni gimbi, Zanzibar ni jimbi, na mwezi wa Ramadhani huungwa kwa nazi kikawa futari. Sasa mchukue mama anayekaanga krispi za magimbi na anataka lebo ya Kiingereza kwa ajili ya mnunuzi wa Ulaya. Akiandika arrowroot, mnunuzi yule atafikiria unga mweupe laini unaotiwa kwenye mchuzi ili uwe mzito. Unga huo unatokana na mmea mwingine kabisa, wenye asili ya nchi za joto za Amerika.

Njia ya kutoka hapo haianzii kwenye kamusi. Inaanzia shambani, kwa sababu jina la kienyeji peke yake huweza kubeba mimea miwili. Ndivyo ilivyo kwa magimbi: kuna gimbi lenyewe, na kuna jamaa yake aliyeletwa kutoka Amerika, ambaye watu wengi humwita gimbi pia. Yote mawili yana majani mapana yenye umbo la moyo au mshale. Tazama bua linaposhikana na jani. Kwenye gimbi la asili, bua linaingia upande wa chini wa jani, ndani kidogo ya ukingo, kiasi kwamba ukitazama kwa juu unaona alama ndogo pale liliposhika, huku mkato wa jani ukiishia kabla ya kuifikia. Kwenye lile la Amerika, bua linashika palepale mkato unapoishia, na masikio mawili ya jani yanaachana moja kwa moja kutoka hapo.

Ukishajua unashughulika na mmea upi, tafuta jina lake la kisayansi kwenye kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, au umuulize bwana shamba au mtu wa chuo cha kilimo. Gimbi la asili ni Colocasia esculenta. Lile la Amerika ni Xanthosoma sagittifolium. Ule unga wa mchuzi, kwa kawaida, hutokana na Maranta arundinacea, ambayo hata ukoo wake ni mwingine.

Jina hilo nalo lihakikishwe. Bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ina orodha ya bure mtandaoni, powo.science.kew.org. Andika Colocasia esculenta, herufi kwa herufi, kwani kosa dogo la tahajia huweza kukunyima jibu. Utaona kama jina linakubalika leo au ni la zamani, na majina yote ya zamani yameorodheshwa chini yake. Linnaeus aliuita mmea huu Arum esculentum mwaka 1753. Schott akauhamishia kwenye jenasi ya Colocasia mwaka 1832. Ndiyo maana vitabu huandika (L.) Schott baada ya jina: wa kwanza kulitoa yumo kwenye mabano, aliyelihamisha yuko nje. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kina jina tofauti, usidhani umepotea. Litafute kwenye orodha uone linaelekezwa wapi.

Kisha geuka urudi. Tafuta jina la kisayansi pamoja na neno la Kiingereza, na utapata taro, dasheen, eddo na cocoyam. Chukua kila moja, uliandike peke yake, uone linakurudisha kwenye mmea gani. Taro kwa kawaida hurudi kwenye Colocasia, na picha zinaonyesha bua lililoshika chini ya jani. Cocoyam inakuyumbisha, maana Afrika Magharibi hutumika kwa gimbi na kwa yule jamaa wa Amerika pia. Arrowroot inakupeleka kwenye Maranta, na hapo ndipo kosa la lebo linapojifichua. Mimi hiki kipimo cha kurudi nakiamini kuliko kile cha kwenda. Karibu kila jina la Kiingereza utalikuta limeandikwa mahali fulani kando ya mmea wako.

Tofauti hii inafika mpaka jikoni. Gimbi bichi lina fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha mikono na koo, na huhitaji kupikwa vizuri.

Kwa krispi za yule mama, basi, lebo ya Ulaya iandikwe taro kwa herufi kubwa na Colocasia esculenta chini yake. Pakiti za kuuzwa Nairobi ziandikwe nduma, na arrowroot inaweza kubaki, kwa kuwa mnunuzi wa huko anajua anachonunua. Mstari wa jina la kisayansi uwe uleule kwenye pakiti zote.