Neno likirudiwa mara ishirini

Unatafuta "malaria". Makala fupi ya maneno 200 inalitaja neno hilo mara 4. Ripoti ya maneno 4,000 inalitaja mara 20. Kanuni ya zamani, tf-idf, katika umbo lake la kawaida huzidisha idadi hiyo kwa uzito wa uadimu wa neno, hivyo ripoti inapata alama mara tano ya makala. Si haki: urefu pekee umeipa nafasi ya kulirudia.

BM25, iliyotokana na mfumo wa Okapi wa London miaka ya 1990, inarekebisha mambo mawili. Kwanza, kila marudio huongeza alama kidogo kuliko yaliyotangulia. Katika andiko la urefu wa wastani, k1 ikiwa 1.2, tajo la kwanza hutoa 1, la pili huongeza 0.375 tu, na jumla haifiki 2.2 kamwe. Pili, urefu hulinganishwa na wastani. Wastani ukiwa maneno 1,000 na b ikiwa 0.75, makala inapata 1.96, ripoti 1.84. Makala inatangulia, kama inavyostahili.

Ila andiko refu lenye kina cha kweli huweza kuonewa; hapo b hupunguzwa.