Gauni Lililorudi na Mzigo Uliopotea: Jinsi ya Kuviandika Daftarini

Mteja anaporudisha gauni, muuzaji wa nyumbani huenda kwenye ukurasa wa mauzo akalifuta. Hapo daftari huanza kudanganya. Mauzo yalikuwepo, na fedha iliingia kisha ikatoka. Mstari wa mauzo huachwa ulivyo. Marejesho huandikwa kwenye safu yake, kwa tarehe ya siku fedha iliporudishwa, hata kama gauni liliuzwa mwezi uliopita. Kando yake huandikwa hali ya bidhaa: imerudi nzima, imeharibika, au haikurudi kabisa.

Hali hiyo ndiyo inayoamua hasara. Tuchukulie muuzaji wa Dar es Salaam anayenunua gauni kwa shilingi 18,000 na kuliuza 30,000, wateja wakilipa wenyewe nauli ya mzigo wa kwenda. Kwa mwezi ameuza magauni 40, yaani 1,200,000. Manne yamerudishwa, matatu mazima na moja lina doa lisilotoka. Mengine mawili yalipotea katika basi la Mbeya. Wateja wote wamerudishiwa fedha, jumla 180,000. Nauli za kurudisha mizigo na makato ya kutuma fedha kwa simu yamemgharimu 25,000.

Asiyeandika marejesho atajihesabia faida ya 480,000. Anayetoa tu fedha zilizotoka mfukoni atapata 275,000, naye amekosea upande wa pili, kwa sababu magauni matatu mazima yamo kabatini yakisubiri mnunuzi.

Hesabu sahihi huanza na mauzo halisi: 1,200,000 ukitoa 180,000 hubaki 1,020,000, ambayo ni magauni 34. Kuyanunua hayo kuligharimu 612,000, hivyo faida ghafi ni 408,000. Kutoka hapo hutolewa nauli na makato 25,000, pamoja na magauni matatu yasiyouzika tena, lile la doa na mawili yaliyopotea, kwa bei ya kununulia: 54,000. Inabaki 329,000, kabla ya gharama nyingine kama vocha na mifuko.

Mzigo uliopotea ndio unaowakanganya wengi. Huandikwa kwa 18,000 kila gauni, si 30,000, kwa kuwa bei ya kuuzia imekwisha kutolewa kwenye mauzo. Kuitoa tena ni kuhesabu hasara mara mbili. Mteja akipelekewa gauni jingine badala ya fedha, mauzo hubaki, na kinachoongezeka ni gharama ya gauni lililopotea na nauli mpya. Kampuni ya basi ikilipa fidia, hiyo hupunguza hasara. Isiandikwe kuwa mauzo.

Kabati huthibitisha daftari. Kama mwezi ulianza na magauni 45 na hakuna jipya lililonunuliwa, ukitoa 34 yaliyouzwa na matatu ya hasara yanapaswa kubaki manane mazima. Yakiwa tisa, huenda kuna lililorudi bila kuandikwa. Yakiwa saba, kuna lililotoka kimyakimya, pengine kwa ndugu aliyeahidi kulipa baadaye.