Zamu ya Usiku na Uso Unaobana

Saa kumi alfajiri, muuguzi wa wodi ya wazazi anajikuna shavuni. Uso unabana, ila paji la uso linang'aa mafuta. Anadhani ni uchafu, anaunawa tena kwa sabuni. Hapo ndipo anapokosea.

Usiku ngozi hupoteza maji mengi zaidi kuliko mchana, na usingizi mbovu huchelewesha kujirekebisha kwake. Sabuni kali huondoa hata yale mafuta machache yanayozuia maji yasitoke. Dawa yake ni rahisi: anawe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha apake losheni isiyo na manukato uso ukiwa bado na unyevunyevu.

Zamu inaisha saa moja asubuhi. Wengi hupanda daladala uso mtupu, kwa kuwa kwao siku imekwisha. Jua halijui ratiba ya zamu! Krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi, ipakwe kabla ya kutoka kazini: mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo. Akifika nyumbani aioshe, apake losheni, afunge mapazia.

Mwanga wa simu ni hafifu mno ukilinganisha na jua. Ubaya wake mkubwa ni kufukuza usingizi. Na chai ya sukari nyingi na maandazi ya saa tisa usiku? Kwa mwenye chunusi, huweza kuzizidisha. Mayai na karanga vinamfaa zaidi.

Kipele kisichopona kwa wiki kadhaa kionwe na daktari wa ngozi.