Kusoma grafu ya kimeng'enya: Km haiko pale macho yanapoiona

Mwaka 1913, huko Berlin, Mjerumani Leonor Michaelis na daktari Mkanada Maud Menten walichapisha vipimo vyao vya invatesi, kimeng'enya cha hamira kinachoikata sukari ya chai, yaani sukrosi, kuwa glukosi na fruktosi. Walitaka kujua jambo moja: sukari ikiongezwa, kazi hiyo huongezeka kasi kwa kiasi gani? Vifupisho viwili vinavyowasumbua wanafunzi hadi leo, Km na Vmax, vinatokana na swali hilo.

Kipimo chao kilitegemea mwanga. Sukrosi huuzungusha mwanga maalumu upande wa kulia, na ikishakatwa, mchanganyiko unaobaki huuzungusha kushoto. Tatizo ni kwamba glukosi iliyotoka kukatwa huchukua muda kutulia, kwa hiyo anayeisoma papo hapo anapata namba isiyo sahihi. Wao walichota sampuli na kuitia alkali, ambayo ilikizima kimeng'enya papo hapo na kuifanya glukosi itulie haraka. Pia walitumia bafa ili asidi isibadilike katikati ya jaribio.

Sasa angalia grafu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Ukichukua mrija mmoja na kufuatilia sukari iliyokatwa kadiri dakika zinavyopita, mstari hupanda kisha hulala, kwa kuwa sukari inakwisha na mazao yanaanza kukizuia kimeng'enya. Hiyo siyo grafu tunayoitafuta. Kinachotakiwa kutoka katika mrija huo ni mwinuko wake wa mwanzo tu, kabla haujaanza kupinda. Mwinuko huo ndio kasi, nao unakupa nukta moja. Nukta ya pili inatoka katika mrija mwingine wenye kimeng'enya kilekile, kwa kiasi kilekile, ila sukari tofauti. Mhimili wa chini una kiasi cha sukari, si muda.

Nukta zikiunganishwa, mstari huanza kupanda ukiwa karibu umenyooka, halafu huinama polepole. Sukari ikiwa kidogo, molekuli nyingi za invatesi ziko wazi zikisubiri, hivyo kila nyongeza inapata kazi. Ikiwa nyingi, karibu zote zimeshikwa, na nyongeza haina pa kuingia. Kasi ambayo mstari unaielekea ndiyo Vmax. Km ni kiasi cha sukari kinacholeta kasi iliyo nusu ya Vmax. Yote mawili yamo humu:

```
v = Vmax × [S] / (Km + [S])
```

Hapo v ni kasi na [S] ni kiasi cha sukari. Kwa invatesi yao, Km ilikuwa karibu milimoli 17 kwa lita, takriban gramu 6 za sukari katika lita ya maji. Ukitia kimeng'enya mara mbili, Vmax nayo huwa mara mbili, lakini Km haisogei.

Mtego uko kwenye ncha ya mstari. Tuseme Vmax ya kweli ni 100, na umepima hadi milimoli 51, yaani mara tatu ya Km. Kanuni inakupa kasi ya 75. Kwenye karatasi mstari unaonekana umeshalala, nawe unaandika: Vmax ni 75. Nusu yake ni 37.5, unateremka hadi mhimili wa chini na kukuta kama milimoli 10. Km yako imepungua kwa asilimia 40, na hakuna nukta hata moja uliyoipima vibaya. Hata ukifika mara kumi ya Km, milimoli 170, kasi itakuwa 91 tu. Ndiyo maana siku hizi kompyuta hupewa nukta zote ili itafute Vmax na Km zinazoziafiki pamoja. Hiyo ni njia salama kuliko rula, mradi baadhi ya nukta ziwe chini ya Km na nyingine juu yake kwa mbali. Kompyuta iliyopewa nukta za chini tu, pale mstari unaponyooka, nayo hubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo kanuni hii haina habari nalo. Sukari ikizidi sana, hadi maji yakawa mazito kama sharubati, kasi ya invatesi huanza kushuka badala ya kukaribia Vmax. Maji nayo hutumika katika ukataji huo, na hapo yamekuwa haba. Tena sukari iliyojazana hukizuia kimeng'enya chenyewe. Ukiona mgongo wa grafu unashuka upande wa kulia, usizitumie nukta hizo kutafuta Vmax. Kadiria kwa zile zilizotangulia mteremko.