Pengo la bei kabla ya oda

Kila sarafu sokoni ina bei mbili: ya juu, anayolipa mnunuzi, na ya chini, anayopokea muuzaji. Tofauti yake ni gharama, na ikipanuka ghafla maana yake wafanyabiashara wakubwa wamejiondoa au wanaogopa kushikilia bei.

Kwa euro na dola hilo huonekana karibu kila siku saa 11 jioni ya New York, benki zinapofunga hesabu za siku. Afrika Mashariki huwa ni saa 6 usiku, au saa 7 majira ya baridi ya huko. Tuseme bei zilikuwa 1.1000 na 1.1001, kisha zikawa 1.0995 na 1.1006. Wastani wake haujasogea hata kidogo, kwa hiyo programu inayotazama wastani pekee haishtuki. Lakini anayenunua euro 100,000 na kuziuza papo hapo alikuwa akipoteza dola 10. Sasa anapoteza 110.

Programu makini hulinganisha pengo la sasa na pengo la kati la saa iliyopita, ambalo halivurugwi na mruko mmoja. Likizidi mara tatu, kiwango cha kujiamulia tu, oda husubiri hadi pengo litulie kwa sekunde kadhaa. Kipimo hufanywa mwishoni kabisa, tena kwa bei mbichi, maana bei iliyoganda huonyesha pengo dogo la uongo. Hata hivyo soko laweza kugeuka oda ikiwa njiani, ndiyo maana oda huwekewa bei ya ukomo.